Kamera ya joto katika nyumba za mbao na mabati: dalili zinazopotosha na visababishi vyake

Mwongozo huu unahusu nyumba za aina moja, nazo ni zile za mbao zilizoezekwa kwa mabati kwenye miteremko ya Bukavu, hasa katika komuni ya Kadutu, ambako ukuta wa familia moja mara nyingi ndio ukuta wa familia ya pili, njia ni nyembamba kuliko gari la zimamoto, na moto hupita juu ya dari kutoka nyumba hadi nyumba kabla watu walioko sebuleni hawajaona mwali wowote. Katika nyumba kama hizo kamera ya joto humwezesha mzimamoto kupata kwa dakika chache kile ambacho mikono peke yake ingekitafuta kwa saa nzima. Hata hivyo kuna mambo inayoyakosea, na inayakosea kila mara kwa sababu zilezile. Anayezijua sababu hizo anaweza kuutambua upotovu akiwa bado amesimama mlangoni.

Kwanza ni lazima ieleweke kamera hii inaona nini. Inapokea mionzi ya joto ambayo kila kitu hutoa, yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 8 hadi 14, na kuigeuza kuwa picha ambayo kwa kawaida huonyesha vitu vya moto kwa weupe na vya baridi kwa weusi. Chembe nyingi za moshi ni ndogo kuliko urefu huo, kwa hiyo mionzi hupita katikati yake, na mzimamoto huona chumba ambacho jicho lake halikioni. Mionzi hiyo haipiti katika ubao, kioo cha dirisha wala maji. Kamera haioni ndani ya ukuta. Inausoma uso wa kwanza inaokutana nao, na kama kuna moto nyuma ya uso huo, itaujua tu pale joto litakapokuwa limeshapenya hadi upande wetu. Vilevile, namba ya nyuzi inayoonekana katikati ya kioo cha kamera ni makisio ya joto la uso huo. Si joto la hewa ya chumba. Mtu anaweza kuwa anasoma nyuzi 60 kwenye ukuta huku gesi iliyo juu ya kichwa chake ikiwa na joto mara kadhaa zaidi.

Dalili: mabati yanaonekana ya baridi, lakini moshi unaendelea kuchungulia kwenye misumari na pembeni

Hii ndiyo dalili ninayoihofia kuliko zote katika mji wetu, kwa sababu inamfanya mkuu wa kikosi aamini kwamba paa ni salama wakati ambapo mbao za kenchi zinaungua polepole chini yake.

Kisababishi chake ni chuma chenyewe. Mbao, ngozi ya mtu, udongo na rangi ya ukutani hutoa karibu mionzi yote inayolingana na joto lake, lakini bati jipya linalong'aa hutoa sehemu ndogo tu, na sehemu kubwa ya kile ambacho kamera inakipokea kutoka kwake ni mionzi ya vitu vingine iliyoakisiwa, kama vile kioo cha kujitazama kinavyoakisi nuru. Paa huelekea angani. Usiku wa kiangazi, mawingu yakiwa yameondoka, anga inayoakisiwa ni ya baridi mno machoni pa kamera, na namba inaweza kushuka chini ya sifuri. Namba hiyo yenyewe ndiyo inayofichua uongo: hakuna paa la Bukavu lenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukiisoma namba ya namna hiyo, ujue kwamba umeisoma anga na hukulisoma bati. Halijoto halisi ya bati inaweza kuwa 20 au hata 120, na kamera haitakuambia.

Namna ya kuthibitisha ni kubadili mahali pa kusimama. Panda hatua kadhaa mteremkoni au shuka, kisha tazama tena bati lilelile. Kile kilichoakisiwa huhama pamoja na mtazamaji, kwa sababu sasa bati linaakisi ukuta wa jirani au mlima badala ya anga, wakati joto la kweli hubaki mahali pake. Usilitazame bati kwa pembe iliyolala sana, maana hapo uakisi huzidi. Kisha achana na sehemu zinazong'aa na utafute zile zinazosema kweli: madoa ya kutu, mahali palipopakwa rangi au lami, vichwa vya misumari iliyochakaa, sehemu iliyopakwa masizi na moshi, na ncha za mbao zinazotokeza chini ya paa. Bati la zamani lililoota kutu kote linaaminika zaidi kuliko bati jipya, jambo ambalo mwenye nyumba asingelitarajia.

Mvua hubadilisha hesabu. Tabaka jembamba la maji hutoa mionzi vizuri kuliko bati lililo chini yake, kwa hiyo kamera husoma joto la maji, ambalo linapozwa na mvua yenyewe na kwa kugeuka mvuke. Paa zima huonekana sawasawa na tulivu. Hapa jicho tupu lina kazi kubwa kuliko kamera: mvua ikikatika, tazama kwa tochi ni wapi panapokauka kwanza au panapotoa mvuke. Kipande cha bati kinachokauka peke yake katikati ya paa lililolowa kina joto chini yake.

Jua la mchana huleta tatizo la kinyume, kwani paa lililopigwa na jua tangu asubuhi huwa la moto kiasi kwamba alama ya moto mdogo ulio chini yake humezwa. Saa hizo nisingepoteza muda na paa kutoka nje. Ingia ndani ulitazame kwa chini.

Dalili: dari au ukuta una doa la joto, na haijulikani kama ni moto uliojificha au ni joto lililobaki

Baada ya mwali kuzimwa, kila kitu ndani ya nyumba kina joto. Mbao zimelinywa, na kamera itaonyesha weupe karibu kila mahali penye urefu wa kichwa kwenda juu. Anayebomoa kila penye weupe atabomoa nyumba nzima ya watu ambao tayari wamepoteza vitu vingi, na asiyebomoa popote atarudi usiku wa manane.

Tofauti ya kwanza iko katika umbo. Joto lililoachwa na moshi hupungua kwa utaratibu kutoka juu kwenda chini, bila kitovu, na huenea kwa upana. Moto ulio nyuma ya ubao una kitovu: mahali pamoja ni peupe zaidi, na weupe huo hufifia kuelekea pande zote, au hupanda wima kama ukanda kati ya nguzo mbili za ukuta, kwa sababu hewa ya moto inapanda katika uwazi ulio kati yake. Ukanda wa namna hiyo unapofika kwenye dari na kuendelea juu yake ni onyo zito.

Tofauti ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi, iko katika muda. Fungua milango na madirisha, soma doa na soma pia mahali pengine kwenye ubao uleule, kisha usubiri. Ubao mwembamba uliopashwa na moshi hupoa waziwazi ndani ya dakika 5 hadi 10 hewa ikipita. Doa lenye moto nyuma yake halipoi, au hupoa kidogo kisha hupanda tena. Usomaji wa mara moja haujibu swali. Huo wa pili ndio wenye jibu. Kila mara simama umbali uleule, usiozidi mita mbili au tatu, kwa sababu kamera hukadiria wastani wa eneo zima linaloangukia katikati ya picha, na ukiwa mbali doa dogo la moto huchanganywa na ubao wa baridi unaolizunguka hadi namba ikaonekana ya kawaida.

Jambo gumu zaidi ni pale ambapo dari haionyeshi doa lolote na moto upo. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Nyumba nyingi zina dari ya tripleksi, wakati mwingine ikiwa na makatoni au magunia yaliyotandikwa juu yake, kisha uwazi, kisha mabati. Moto unaotambaa kwenye mbao za kenchi hutuma joto lake juu, kwenye mabati, na kidogo sana hushuka hadi kwenye uso wa dari unaotazamwa. Kwa hiyo dari ya baridi haithibitishi kitu. Kama moto ulianzia karibu na ukuta uliofika hadi kwenye paa, au kama moshi ulionekana ukitoka chini ya mabati wakati wowote, toboa tundu dogo kwa kulabu, penye umbali wa mkono mmoja kutoka ukutani, kisha elekeza kamera ndani ya tundu. Tundu moja kwa kila chumba kinachopakana na chanzo linatosha kwa kuanzia, na mwenye nyumba ataliziba kwa kipande kidogo cha ubao.

Sakafu hupotosha kwa njia hiyohiyo. Kwenye mteremko, nyumba nyingi zina chumba au ghala chini ya sakafu ya mbao, na juu ya mbao hizo kuna lino au zulia. Majaribio ya maabara ya UL nchini Marekani kuhusu moto wa vyumba vya chini yalionyesha kwamba kamera iliyo juu ya sakafu haiwezi kutegemewa kujua hali ya mbao zinazoibeba. Uso unaweza kuonekana wa kawaida muda mfupi tu kabla sakafu haijaporomoka. Kwa hiyo, kabla ya kuingia, zunguka upande wa chini wa mteremko na ukitazame chumba cha chini kutoka kwenye mlango wake. Kamera ikikuonyesha hewa nyeupe ikipanda kutoka kwenye nyufa za sakafu au pembeni mwa ukuta, hiyo ni alama yenye maana kuliko rangi ya sakafu yenyewe.

Magodoro ya sponji na magunia ya makaa yanastahili kutajwa peke yake. Vyote viwili huungua ndani bila mwali, na vyote viwili huficha joto vizuri kwa sababu vimejaa hewa. Uso wa godoro lililomwagiwa maji utaonekana mweusi kabisa huku kitovu chake kikiendelea kuungua, kwani maji hayakufika huko. Usilipime godoro lililolala. Lipasue au likunjue, lipime ndani, kisha litolewe nje mbali na ukuta wowote wa mbao. Gunia la makaa limwagwe chini na kutandazwa.

Dalili: chumba kinaonekana kitupu, lakini familia inasema mtu yumo

Hapa neno la familia lina uzito kuliko picha. Swali la kwanza la kuuliza nje, kabla kamera haijawashwa, ni hili: «Mama, watoto wanalala wapi, na wakiogopa wanajificha wapi?» Jibu litakuambia uielekeze kamera wapi, na kuna sababu nne za kawaida zinazoifanya ishindwe hata ikielekezwa mahali sahihi.

Ya kwanza ni kubadilika kwa usikivu wa kamera. Kamera za zimamoto zina angalau hali mbili: hali ya usikivu mkubwa, inayotofautisha vitu vinavyopishana kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja lakini huishia karibu nyuzi 150, na hali ya usikivu mdogo, inayofika nyuzi mia kadhaa lakini haioni tena tofauti ndogo. Kamera huhama yenyewe kutoka hali moja kwenda nyingine pindi kitu chenye joto kali kinapoingia kwenye picha. Mwali ulio kwenye kona, au hata mbabula yenye makaa yanayowaka iliyosahaulika chini, unatosha kuihamisha. Hapo mtu aliyelala mita mbili mbele, mwenye ngozi ya nyuzi 34, huchanganyika na sakafu ya nyuzi 28 katika kijivu kimoja. Dalili yake ni picha inayokuwa na chembechembe ghafla, na katika kamera nyingi alama ndogo hutokea pembeni mwa kioo. Tiba ni rahisi: geuza kamera mpaka mwali utoke kabisa kwenye picha, ukiuficha hata kwa ukingo wa mlango, subiri kidogo ili kamera irudi kwenye usikivu mkubwa, kisha pitia sakafu upya. Nimeona watu wenye kamera nzuri wakilipuuza jambo hili kwa sababu mwali huvuta jicho.

Ya pili ni kulingana kwa joto. Tumezoea kumtafuta mtu kama kitu cheupe. Chumba kikishapashwa moto, kuta na sakafu hupita joto la mwili, na mtu huonekana mweusi kuliko vilivyomzunguka. Katikati ya hali hizo mbili kuna kipindi ambacho vyote vinalingana na mtu hupotea kwenye picha bila kufichwa na kitu chochote. Kwa hiyo tafuta umbo, usitafute rangi: mviringo wa kichwa, pembe ya kiwiko, mstari wa mguu, kitu kisicho na pembe za mraba katika chumba chenye vitu vya mraba. Mwendo mdogo wa mkono husaidia kuliko tofauti ya rangi.

Ya tatu ni vifuniko. Blanketi, zulia, nguo zilizorundikwa, na godoro ambalo mtoto ameingia chini yake huzuia mionzi ya mwili wake. Baada ya muda joto lake hupenya hadi juu ya blanketi na kuacha doa hafifu, lakini muda huo hatuna. Chandarua nacho hufifisha umbo, na nguo zilizolowa maji ya bomba humfanya mtu aonekane wa baridi. Watoto hawajifichi katikati ya chumba. Wako chini ya kitanda, nyuma ya masanduku, ndani ya kabati, nyuma ya mlango uliofunguka na kumbana ukutani. Hakuna kamera itakayoona ndani ya kabati lililofungwa. Mkono unapaswa kufika huko, na kamera hutumika kuuonyesha mkono njia.

Ya nne ni haraka ya mtazamaji. Picha haijengwi papo hapo, hasa kwenye kamera za bei nafuu zinazotoa picha 9 tu kwa sekunde, wakati zile za zimamoto kwa kawaida hutoa 30 au 60. Ukizungusha mkono kwa kasi, mtu aliye pembeni hugeuka mstari wa ukungu na kutoweka. Simama au piga goti mlangoni, anza na dari ili ujue moto unaelekea wapi, pitia vitu vya kimo cha kiuno kutoka ukuta hadi ukuta, kisha sakafu, polepole, ukisimama kwenye kila kona. Baada ya hapo ingia na ukitazame chumba kutoka upande wa pili, kwa sababu kitanda na kabati huficha nusu ya chumba.

Dalili: mtu anaonekana mahali ambapo hayupo

Mara nyingi ni wewe mwenyewe. Kioo cha kabati, mlango wa chuma usiopakwa rangi, vigae, sufuria kubwa, hata saruji laini iliyolowa vinaweza kuakisi mionzi ya mwili wako na ya mwenzako aliye nyuma. Inua mkono mmoja, na umbo hilo likiinua mkono, jambo limekwisha. Ukiwa na shaka sogea upande, maana kivuli cha uakisi husogea nawe na mtu aliyeanguka hasogei. Dirisha la kioo lina upotovu wake wa pekee: ukiwa nje huwezi kumwona aliye ndani kwa kamera, hata kama jicho tupu lingemwona. Fungua dirisha au livunjwe kwanza.

Doa la joto kitandani lenye umbo la mtu linaweza kuwa ni alama ya aliyeondoka muda mfupi uliopita. Hilo si kosa la kulitupa; ni habari kwamba mtu alikuwa hapo na pengine hajafika mbali, kwa hiyo tafuta kati ya kitanda na mlango. Wanyama nao wamo. Katika nyumba zetu kuna kuku, mbuzi, na simbilisi, wale dende wanaofugwa jikoni, ambao wakijikusanya pamoja kwenye kona hufanya doa la ukubwa wa mtoto mchanga. Doa la namna hiyo huguswa kwa mkono, halikisiwi.

Dalili: picha imeganda, imekuwa nyeupe au imefifia

Picha ikiganda kwa muda mfupi na mlio mdogo ukasikika, kamera inajisawazisha kwa kufunga kipazia chake cha ndani. Usitembee wakati huo. Picha ikiwa ya kijivu kitupu mara tu baada ya maji kurushwa, ni mvuke na matone ambayo kamera haiwezi kuyapenya. Simamisha maji, acha hewa ipite, tazama tena. Ukungu ukibaki hata hapo, futa lenzi kwa kidole cha glavu, kisha futa barakoa yako pia. Kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye simu kinafaa kukagua nyaya na kuta baada ya moto, lakini hakikutengenezwa kuvumilia joto wala maji na hakifai kuingia nacho kwenye moshi.

Betri huisha ghafla, na hapo ndipo mtu aliyeitembelea nyumba kwa macho ya kamera hugundua kwamba hajui mlango uko wapi. Moto wa ghala la Worcester huko Massachusetts, tarehe 3 Desemba 1999, uliua wazimamoto sita baada ya wawili wa kwanza kupotea ndani ya moshi na wengine kuwafuata kuwatafuta, na ndio uliosukuma miji mingi ya Marekani kununua kamera hizi. Anayeshika kamera aendelee kugusa ukuta au mpira wa maji kila hatua, na picha iwe nyongeza juu ya hilo.

Nyumba moja hatua kwa hatua

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu huko Kadutu, mwezi Julai, saa tatu usiku, anga ikiwa wazi na hewa ikiwa na nyuzi 18. Jiko la nje lililoegemezwa ukutani limeungua. Majirani wamelizima kwa ndoo na kikosi kimemalizia kwa mpira mmoja. Watu wote wamehesabiwa. Umeme umekatwa. Mwenye nyumba anataka kurudisha vitu ndani.

Kutoka njiani, paa jipya linasomeka nyuzi 12 chini ya sifuri, jeusi lote. Namba hiyo inawekwa kando mara moja. Mzimamoto anapanda ngazi za jirani na kulitazama tena: weusi umehamia upande mwingine wa paa, na upande ulioko juu ya jiko sasa unaakisi ukuta wa nyumba ya juu. Hapo hapajulikani kitu bado, isipokuwa ncha moja ya ubao wa kenchi inayotokeza chini ya bati, ambayo ina nyuzi 38 wakati ncha za jirani zake zina 20. Ubao husema kweli kuliko bati, na tofauti ya nyuzi 18 kati ya mbao za paa moja haina maelezo ya kawaida usiku.

Ndani, kwenye chumba kinachopakana na jiko, dari ya tripleksi ina nyuzi 34 karibu kote, na kuna ukanda wenye 43 kando ya ukuta. Umbo lake si la kutisha. Linaweza kuwa joto la moshi uliokuwa mwingi upande huo. Milango inafunguliwa. Baada ya dakika 8 dari imeshuka hadi 27, na ukanda umepanda hadi 45. Tofauti ya mwanzo ilikuwa nyuzi 9, na sasa ni 18. Hapo hakuna haja ya kubishana tena.

Mpira wenye maji unaletwa kwanza, kisha kulabu inatoboa dari upande wa ndani wa ukanda, ili hewa mpya isiuchochee moto kabla maji hayajawa tayari. Kamera ikielekezwa kwenye tundu, inahama kwenye usikivu mdogo na kuonyesha ubao wa kenchi unaong'aa kwa urefu wa karibu mita moja, ukiwa umelalia juu ya ukuta wa pamoja. Maji machache yaliyoelekezwa hapo yanatosha. Kwa dakika kadhaa mvuke unaifanya kamera isione kitu, na katika muda huo hakuna anayetangaza kwamba moto umezimwa.

Ukuta ni wa pamoja, kwa hiyo mlango wa jirani unabishwa. «Samahani mama, tunaomba kutazama dari yako upande huu.» Dari yake ni ya magunia yaliyotandikwa, na inasomeka nyuzi 21 kila mahali. Kwa sababu zilizoelezwa juu, usomaji huo haukubaliwi peke yake. Tundu moja linatobolewa, na ndani yake ubao uleule wa kenchi, unaopita kutoka nyumba hadi nyumba, una nyuzi 52 kwenye ncha yake. Unamwagiwa maji na kipande kilichoungua kinakatwa na kutolewa. Godoro lililokuwa chini ya ukanda katika nyumba ya kwanza, ambalo kwa nje lina nyuzi 19, linapasuliwa na kukutwa salama. Linabaki nje hata hivyo hadi asubuhi.

Ubao huo wa kenchi, upande wa kila nyumba, na matundu yote vinapimwa tena baada ya dakika 20, kutoka mahali palepale pa kwanza, na mara nyingine baada ya saa moja. Namba zinaandikwa kwenye karatasi pamoja na saa yake. Zikiwa zimekaribia joto la hewa katika vipimo vyote viwili, familia zinaruhusiwa kuingia. Namba moja ikiwa imepanda, hata kwa nyuzi chache, tundu hilo linapanuliwa na kazi inaanza upya hapo.